Nyota Moja kwa Laini Zote za Mama

Simu yangu nimeipanga ikifika saa nne usiku inyamaze, isipokuwa kwa watu niliowawekea nyota. Mama yangu ana nyota. Hata hivyo usiku mmoja alinipigia kutoka Korogwe na simu haikulia. Alikuwa ametumia laini yake ya pili, ambayo niliisevu siku nyingine kwa jina la "Mama Airtel", na nyota yangu ilikuwa kwenye kadi ya "Mama" tu. Kwa macho ya simu, hao walikuwa watu wawili.

Nilipotafuta neno "Mama" nikakuta kadi nne. Ya tatu ilikuwa na namba ileile ya kwanza, ila imeandikwa kwa +255 badala ya sifuri ya mwanzo. Ya nne ilikuwa kwenye laini yenyewe, imebaki huko tangu simu ya zamani. Hivyo ndivyo kadi zinavyojirudia kwa wengi wetu: tunabadilisha simu, tunanakili majina kutoka kwenye laini, na mtu akisajili laini mpya tunamfungulia kadi mpya badala ya kuongeza namba kwenye ile ya zamani.

Kwenye simu za Android zenye programu ya Contacts ya Google, kazi huanzia "Organize", kisha "Merge & fix". Kabla ya hapo, hakikisha kadi zote zimehifadhiwa kwenye akaunti moja ya Google, kwa sababu programu haiunganishi kadi za akaunti mbili tofauti, wala haitaigusa iliyobaki kwenye laini. Za kwenye laini huletwa kwa "Import from SIM", na ukiulizwa zihifadhiwe wapi, chagua akaunti hiyohiyo.

Programu itakuletea mapendekezo, na chini yake kitufe cha "Merge all". Nakusihi usikibonyeze. Mapendekezo hutokana na kufanana kwa jina au namba, na huku kwetu kufanana huko hakutoshi kuwa ushahidi. Mimi nina "Juma Fundi" wawili, mmoja wa bomba na mwingine wa umeme. Nina pia mume na mke wanaotumia simu moja, kila mmoja na kadi yake. Soma pendekezo mojamoja. Dalili ya kosa ni kadi yenye namba nyingi kuliko laini unazojua mtu huyo anazo, au inayoonyesha picha ya mwingine.

Ukikosea, fungua contacts.google.com, nenda kwenye mipangilio, chagua "Undo changes". Unaweza kurudi nyuma hadi siku 30. Lakini inarudisha orodha nzima ilivyokuwa wakati huo, kwa hiyo namba ulizosevu baadaye zitaondoka. Ziandike pembeni kwanza.

Kadi za mama "Mama" na "Mama Airtel" hazikupendekezwa kabisa, maana majina na namba vyote vilitofautiana. Hizo niliziunganisha mwenyewe: bonyeza jina moja kwa muda hadi lichaguliwe, gusa la pili, kisha "Merge" kwenye menyu.

Baada ya kadi kuwa safi, lebo huwa kazi nyepesi. Badala ya kuandika "Juma fundi bomba Tanga" kwenye sehemu ya jina, unaandika jina lake na kumweka chini ya lebo ya "Mafundi". Mtu mmoja anaweza kuwa na lebo kadhaa. Jirani yangu mshonaji yumo kwenye "Mafundi" na "Kikoba". Kuwa mwangalifu siku ya kufuta lebo kwenye kompyuta, kwani utaulizwa kama majina yaliyomo yabaki au yafutwe pamoja nayo. Chagua yabaki.

Nyota sasa. Fungua kadi, gusa alama ya nyota juu, na mtu huyo ataonekana kwenye vipendwa vya programu ya kupigia simu. Kama ana laini mbili, bonyeza kwa muda ile anayopatikana nayo zaidi, uchague "Set as default", ili simu isikuulize kila mara. Halafu kwenye mipangilio ya "Do Not Disturb" ruhusu simu za "Starred contacts".

Jaribu usiku huohuo. Mwambie mama apige kutoka laini ya pili, mara moja tu. Simu nyingi humpitisha yeyote anayepiga mara ya pili ndani ya dakika 15, hata asiye na nyota, kwa hiyo ikilia kwa simu ya pili hujathibitisha kitu. Yangu ililia kwa simu ya kwanza.