Ampisilini Mara Nne, Jentamisini Mara Moja

Mtoto wa kilo 10 akilazwa kwa nimonia kali, hospitali nyingi za Afrika Mashariki humwanzishia sindano mbili. Ya kwanza ni ampisilini, miligramu 500 kila baada ya saa sita. Ya pili ni jentamisini, miligramu 75, mara moja tu kwa siku. Mama anayelala naye wodini humwona muuguzi akija na ampisilini saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni, na tena saa sita usiku, hata kama mtoto amelala fofofo. Jentamisini ikishachomwa asubuhi, haionekani tena mpaka kesho yake.

Mama akidhani kwamba jentamisini ni kali na ampisilini ni dhaifu, hana kosa. Ndivyo watu wengi wanavyofikiri. Lakini ukali hauhusiki hapa. Dawa hizi mbili zinaua bakteria kwa njia tofauti, na kila njia ina saa yake.

Kwa kila bakteria na kila dawa, kuna kiasi cha chini cha dawa kinachohitajika ili bakteria huyo ashindwe kuzaliana. Maabara hukipima kwa kuwaotesha bakteria katika mirija yenye dawa ya viwango mbalimbali, kisha kutazama ni mrija upi wa kwanza uliobaki maji maangavu bila ukungu. Kiasi hicho tukiite kizingiti. Dawa ikiwa juu ya kizingiti, bakteria wamebanwa. Ikishuka chini yake, wanaanza kupumua. Swali la kila mtaalamu wa dawa ni hili: je, dawa hii inahitaji kukaa juu ya kizingiti kwa muda mrefu, au inahitaji kupaa juu sana hata kama ni kwa muda mfupi?

Jibu la penisilini, ambayo ndiyo mama wa ukoo wa ampisilini na amoksilini, lilianza kujitokeza Oxford, Uingereza. Tarehe 12 Februari 1941 polisi mmoja aitwaye Albert Alexander, aliyekuwa taabani kwa maambukizi ya uso yaliyosambaa mwilini, alianza kuchomwa penisilini. Ndani ya siku chache alipata nafuu ya kushangaza. Tatizo lilikuwa mkojo. Figo ziliitoa penisilini haraka mno, kiasi kwamba watafiti walikusanya mkojo wake, wakaupeleka maabara kwa baiskeli, wakaichuja dawa iliyomo na kumrudishia mishipani. Haikutosha. Dawa iliisha, maambukizi yakarudi, naye akafariki tarehe 15 Machi. Hata baada ya viwanda kuanza kuitengeneza kwa wingi, madaktari wa miaka ya 1940 waliwachoma wagonjwa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, maana penisilini hupungua kwa nusu katika damu kila dakika 30 hivi.

Kwa nini wasichome dozi kubwa mara moja, wakapumzika? Mtafiti wa Marekani Harry Eagle alilichunguza jambo hilo kwa panya na sungura kati ya mwisho wa miaka ya 1940 na mwanzo wa miaka ya 1950. Aligundua kwamba penisilini ikishavuka kiwango fulani, kuiongeza hakuharakishi kifo cha bakteria. Kilichoamua kama mnyama atapona ni jumla ya saa ambazo dawa ilibaki ikitosha mwilini.

Sababu yake inaeleweka ukiutazama ukuta wa bakteria. Bakteria anapokua anaongeza ukuta wake, na kazi hiyo inafanywa na vimeng'enya ambavyo ni kama mafundi. Penisilini humng'ang'ania kila fundi mikono asiweze kuunganisha tofali na tofali. Mafundi wote wakishashikwa, penisilini inayoongezwa haina wa kumshika. Tena ukuta haubomoki papo hapo: bakteria lazima ajaribu kukua ndipo apasuke, na kukua kunachukua muda. Dawa ikiondoka mapema, mafundi wapya wanaingia kazini. Kwa ukoo wa penisilini, makadirio yanayotumika ni kwamba dawa iwe juu ya kizingiti kwa takriban asilimia 40 hadi 50 ya siku nzima, na zaidi ya hapo kwa mgonjwa mahututi.

Hesabu ya kidonge cha amoksilini cha miligramu 500 inaonyesha jinsi mambo yanavyokwenda. Tuseme kizingiti cha bakteria ni miligramu 1 kwa lita ya damu. Mtu mzima akimeza kidonge, baada ya nusu saa hivi dawa inavuka kizingiti, na baada ya saa moja na nusu inafika kileleni, karibu miligramu 8 kwa lita. Kuanzia hapo inapungua kwa nusu kila saa: 8 inakuwa 4, 4 inakuwa 2, 2 inakuwa 1. Kidonge kimoja kimetoa saa nne za kazi. Vidonge vitatu vilivyopishana saa nane vinatoa saa 12 kati ya 24, yaani nusu ya siku.

Sasa mgonjwa ameona usumbufu, akameza viwili kwa pamoja. Kilele kinakuwa 16 badala ya 8. Lakini kutoka 16 kushuka hadi 8 ni saa moja tu. Amemeza dawa mara mbili, amepata saa tano badala ya nne. Akivimeza vyote vitatu asubuhi, kilele kinaweza kufika 24, na hata hivyo saa za kazi hazifiki sita kwa siku nzima. Kwa kweli utumbo haunyonyi dozi kubwa ya amoksilini kwa ufanisi ule ule wa dozi ndogo, kwa hiyo hata hizo sita ni za kumpendelea.

Hapa ndipo maneno yanayoandikwa kwenye bahasha ya dawa yanapoleta shida. "Kutwa mara tatu" humfanya mtu afikirie mchana: kimoja na chai, kimoja na chakula cha mchana, kimoja na chakula cha usiku. Akimeza saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa moja usiku, kidonge cha mwisho kinamaliza kazi karibu saa tano na nusu usiku, na cha kesho kinavuka kizingiti saa moja na nusu asubuhi. Bakteria waliosalia wamepewa saa nane mfululizo bila kuguswa. Katika maabara, E. coli aliyelishwa vizuri hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Mwilini huenda polepole zaidi, lakini saa nane ni nyingi. Mfamasia anayeandika "saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku" anatumia wino kidogo zaidi na kulivunja pengo hilo likawa vipande vya saa nne nne.

Jentamisini hufuata mwendo mwingine kabisa. Yenyewe huingia ndani ya bakteria na kuvuruga mitambo inayotengeneza protini. Protini zilizoharibika zikipachikwa kwenye utando wake, utando unavuja, na dawa nyingi zaidi inaingia. Ndiyo maana kilele kina maana kubwa: kadiri dawa inavyopaa juu ya kizingiti, ndivyo bakteria wanavyokufa kwa wingi na kwa kasi. Lengo la kawaida ni kilele kinachozidi kizingiti mara nane hadi kumi. Na dawa ikishashuka, bakteria wa aina nyingi walionusurika hubaki wamezubaa kwa saa kadhaa kabla ya kuanza tena kuzaliana.

Kwa miaka mingi jentamisini ilitolewa kama ampisilini. Mtu mzima wa kilo 60 alichomwa miligramu 80 kila baada ya saa nane, na kilele chake kilikuwa karibu miligramu 5 kwa lita. Bakteria mwenye kizingiti cha 2 angeona dawa inayomzidi mara mbili na nusu tu, mara tatu kwa siku, bila pigo hata moja la maana. Katika miaka ya 1990 hospitali ya Hartford, Marekani, ilitangaza matokeo ya wagonjwa 2,184 waliopewa miligramu 7 kwa kila kilo kwa wakati mmoja. Kwa mtu yule wa kilo 60 hiyo ni miligramu 420, na kilele kilicholengwa ni karibu 20, yaani mara kumi ya kizingiti.

Dozi hiyo inatisha, kwa sababu jentamisini inajulikana kwa kuumiza figo na kuua usikivu. Ajabu ni kwamba dozi moja kubwa haikuziumiza figo zaidi, na uzoefu uliofuata umeonyesha kuwa mara nyingi huziumiza kidogo zaidi kuliko dozi ndogo ndogo. Seli za figo huivuta jentamisini kupitia milango michache. Milango ikishajaa, dawa inayozidi inapita na mkojo. Dawa iliyo kidogo lakini isiyokoma kuwepo huikuta milango wazi mchana kutwa, ikaingia na kurundikana. Ikitolewa mara moja, huwa imeshuka karibu na sifuri baada ya nusu ya siku, na figo zinapata saa kadhaa za kujisafisha.

Mpango huu unategemea figo zinazofanya kazi. Zikidhoofika, jentamisini haishuki, na ile nafasi ya mapumziko inatoweka. Ndiyo sababu daktari huuliza kuhusu mkojo, hupima kreatinini, na ikibidi husogeza dozi inayofuata hadi saa 36 au 48. Mgonjwa anayesikia masikio yakivuma au kichwa kikizunguka anapaswa kusema siku hiyo hiyo, kwa kuwa usikivu uliopotea kwa dawa hii kwa kawaida haurudi.

Mtu anaweza kuuliza: mbona seftriaksoni, ambayo ni ndugu wa penisilini na inaua kwa muda vilevile, huchomwa mara moja kwa siku? Kwa sababu inajishikiza kwenye protini za damu na kupungua kwa nusu kila baada ya saa nane hivi. Katika siku nzima inagawanyika mara tatu tu, na kwa bakteria wengi inabaki juu ya kizingiti. Benzathini penisilini, inayochomwa kwenye msuli kwa wagonjwa wa homa ya baridi yabisi ya moyo, imekwenda mbali zaidi: ni penisilini ile ile iliyotengenezwa iyeyuke taratibu, hivyo hurudiwa kila baada ya wiki tatu hadi nne.

Kichanga wa kilo 3 mwenye maambukizi ya damu hupewa dawa zile zile mbili za mtoto wa nimonia, lakini katika wiki yake ya kwanza ya maisha ampisilini yake, miligramu 150, huchomwa mara mbili tu kwa siku. Figo zake bado changa, na dawa inakaa damuni muda mrefu. Akitimiza wiki moja figo zimeshaanza kukomaa, dawa inatoka haraka zaidi, na muuguzi anaandika dozi ya tatu kwenye chati.