Mrehani na Haraka ya Maua

Mrehani wangu upo kibarazani, kwenye ndoo ya rangi ya lita 4 iliyotobolewa matundu matano chini. Ulipofika urefu wa shubiri moja, ukiwa na jozi nne za majani, niliukata juu ya jozi ya pili. Jirani alishangaa: mbona unaukata mche mchanga namna hii?

Tazama shina la mrehani kwa karibu. Majani hutoka mawili mawili, yakielekeana, na kwapani mwa kila jani mmelala kijichipukizi. Kinachokilaza ni ncha ya juu, inayotoa homoni inayoshuka kwenye shina na kuvizuia vya chini visikue. Ncha ikiondoka, vile viwili vilivyo karibu na mkato huamka. Baada ya wiki mbili hivi nilikuwa na matawi mawili mahali pa shina moja. Yalipopata jozi mbili tatu za majani, nikayakata nayo, yakawa manne.

Watu wengi huchuma majani makubwa ya chini na kuiacha ncha ipande. Wanachovuna ni kidogo, na ncha inaendelea na safari yake ya kwenda kutoa ua. Mrehani ukishachanua, nguvu yake huhamia kwenye mbegu: majani mapya huwa madogo na machache, na shina hugeuka kuwa mti mkavu.

Dalili huonekana mapema. Majani ya nchani husongamana, yakawa madogo na kupangika kama ngazi yenye pande nne. Hilo ni shuke la maua. Usilinyofoe lenyewe tu, kwa sababu jipya litatokea papo hapo. Shuka jozi moja au mbili chini yake, ukate juu kidogo ya majani mazima. Usiukate mche hadi sehemu isiyo na jani, maana shina kavu mara nyingi halichipui tena. Mkato huu huchelewesha maua tu, hauyafuti. Kwa hiyo ncha moja nzuri, isiyo na ua, naitia kwenye glasi ya maji; ikitoa mizizi, inakuwa mche wa ndoo inayofuata.

Nanaa nayo hupenda kukatwa hivyo hivyo, ila ipewe chungu chake, kwani mizizi yake hutambaa na kuwabana wenzake.

Giligilani, ambayo Kenya huitwa dania, ni habari nyingine. Majani yake huchomoza chini kabisa, karibu na udongo, na joto likizidi hurefusha shina la maua hata ulikate vipi. Chuma majani ya pembeni, weka chungu penye kivuli cha mchana, na panda mbegu nyingine kila baada ya wiki tatu.