Ufunguo wa 2048 Ulio Dhaifu Kuliko wa 128

Ukitazama namba tu, RSA-2048 inaonekana kuizidi AES-128 mara kumi na sita. Ukweli ni kinyume: AES-128 ndiyo ngumu zaidi kuvunja. Namba iliyoandikwa kwenye ufunguo ni urefu wake, na urefu si kipimo cha nguvu. Kipimo chenyewe ni kiasi cha kazi atakayofanya mvamizi akitumia njia bora kabisa inayojulikana. Kazi hiyo huhesabiwa kwa biti: usalama wa biti 128 maana yake ni hatua zipatazo 2 kwa kipeo cha 128, na kila biti inayoongezeka huifanya kazi kuwa maradufu.

Kwa AES, urefu na nguvu vinalingana, kwa kuwa mvamizi hana njia ya maana zaidi ya kujaribu funguo moja baada ya nyingine. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa DES, algoriti ya Marekani ya mwaka 1977 yenye ufunguo wa biti 56. Mwaka 1998 shirika la EFF liliunda mashine iliyoupata ufunguo wa DES kwa saa 56, kwa gharama isiyofika dola 250,000. Hakukuwa na ujanja wowote wa hesabu pale. Biti 56 zilikuwa chache mno.

RSA ni habari nyingine. Mvamizi wa RSA hahangaiki kujaribu funguo. Hutafuta namba mbili tasa zilizozidishwa kutengeneza ufunguo, na kwa kazi hiyo wanahisabati wana njia za mkato. Mwaka 2020 watafiti waliigawanya namba ya RSA yenye biti 829. Kwa sababu ya njia hizo, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, huihesabu RSA-2048 kuwa na usalama wa biti 112 tu. Ukitaka 128, unahitaji RSA-3072. Ukitaka 256, RSA inakudai biti 15,360, na hapo seva itazidiwa. Funguo za ECC, zinazotumia hesabu za mikunjo, hazina njia za mkato kama hizo: ufunguo wa biti 256 unatoa usalama wa 128, yaani nusu ya urefu wake. Hashi ya SHA-256 nayo hutoa 128 pale ambapo mvamizi anatafuta nyaraka mbili zenye hashi moja.

Tuchukue hospitali inayotuma mafaili ya wagonjwa kwenye seva ya mbali. Fundi amechagua AES-256, na kwenye tangazo imeandikwa kuwa mfumo una usalama wa biti 256. Lakini ufunguo huo wa AES husafiri ukiwa umefungwa kwa RSA-2048. Mvamizi mwenye akili hataigusa AES. Ataivunja RSA, autoe ufunguo ndani, kisha asome kila kitu. Usalama wa mfumo mzima basi ni 112, sawa na kiungo chake dhaifu. Tofauti kati ya 112 na 128 inaonekana ndogo, lakini ni kazi mara 65,536. Ni heri hospitali ingechagua kiwango kwanza, tuseme 128, kisha ikalinganisha kila kiungo nacho: AES-128 au zaidi, SHA-256, na ECC ya 256 au RSA-3072.

Kukagua hakuhitaji gharama. Kwenye cheti cha seva, amri hii inatosha:

```
openssl x509 -in cheti.pem -noout -text
```

Tafuta mstari wa `Public-Key`, ambao hutaja urefu, na `Signature Algorithm`, ambao hutaja algoriti na hashi yake.

Swali linalofuata ni siri inapaswa kudumu miaka mingapi. Namba ya malipo ya mara moja hufa baada ya dakika chache. Faili la mgonjwa ni siri maisha yake yote. Mtu anaweza kunasa mafaili leo, akayahifadhi, akangoja kompyuta ya kwantamu yenye uwezo wa kutosha. Kompyuta hiyo itaivunja RSA na ECC pia, na kurefusha ufunguo kwa kiasi kinachotumika hakutasaidia. AES-256 itabaki imara. Kwa hiyo data ya miaka mingi haihitaji tu ufunguo mrefu. Inahitaji algoriti nyingine. NIST ilitoa viwango vya kwanza vya algoriti hizo Agosti 2024, vikiwemo ML-KEM ya kubadilishana funguo na ML-DSA ya sahihi.

Hapo ndipo mifumo mingi hukwama, na hakuna mfano ulio wazi kuliko Git, programu ambayo watengeneza programu duniani kote hutumia kutunza matoleo ya kazi zao. Linus Torvalds aliianza Aprili 2005 na kila kitu ndani yake akakipa jina la hashi ya SHA-1. Miezi miwili kabla, watafiti wa China walikuwa wametangaza kwamba SHA-1 ina ufa. Ilipaswa kutoa usalama wa biti 80, na wao walionyesha njia ya hatua 2 kwa kipeo cha 69. Februari 2017 Google na taasisi ya CWI ya Amsterdam wakatoa mafaili mawili tofauti ya PDF yenye SHA-1 ileile.

Kubadili hashi kungeweza kuwa kazi ndogo, lakini ndani ya Git, huku na huko, mlikuwa na mstari kama huu:

```
unsigned char sha1[20];
```

Jina la algoriti na urefu wake wa baiti 20 vilikuwa vimepigiliwa humo. Wahandisi walilazimika kwanza kuziondoa baiti hizo 20 kila zilipotajwa, wakaweka badala yake aina moja ya data, `object_id`, ambayo sehemu nyingine za programu huitumia bila kujali ndani kuna hashi gani. Kazi ikachukua miaka. Oktoba 2020, toleo la 2.29 likakubali SHA-256 kwa majaribio, na hata hivyo hazina ya SHA-256 haikuweza kubadilishana kazi na ya SHA-1. Wakati wote huo Git ililindwa kwa SHA-1 iliyoongezewa uwezo wa kutambua mafaili ya hila kama yale.

Kosa hilohilo linatengenezwa leo kwenye hifadhidata. Sahihi ya ECC ya 256 ni baiti 64, na fundi hutenga safu ya baiti 64. Sahihi ya ML-DSA-65 ni baiti 3,309. Siku ya kubadili, safu inakataa, ujumbe unakatwa, na kifaa kidogo kinaishiwa kumbukumbu.

Kinga ni kukiacha kila kilichofungwa kijitambulishe. Kumbukumbu moja ya hospitali ingeanza hivi:

```
v=2;alg=AES-256-GCM;kid=7
```

Hapo kuna toleo la muundo, algoriti, na namba ya ufunguo. Programu nyingine haziiti AES moja kwa moja. Zinaita kazi mbili tu, `funga` na `fungua`, na ndani yake mna orodha ya algoriti zinazoruhusiwa. Kubadili kunakuwa hatua tatu: ongeza algoriti mpya upande wa kufungua kwenye seva zote, kisha anza kufunga kwayo, kisha funga upya mafaili ya zamani na uifute ile ya zamani. Ukigeuza mpangilio wa hatua mbili za kwanza, seva ambazo hazijasasishwa zitapokea mafaili zisizoweza kuyasoma.

Hatua ya tatu ndiyo husahaulika, na madhara yake yanajulikana. Katika miaka ya 1990 sheria za Marekani zilizuia kuuza nje funguo imara, kwa hiyo mifumo ya wavuti ikawekewa RSA ya biti 512 kama chaguo la ziada. Sheria zililegezwa, chaguo likabaki. Mwaka 2015 shambulio lililoitwa FREAK likaonyesha kwamba mtu aliye katikati ya mawasiliano angeweza kuzishawishi seva na vivinjari vyenye kasoro vikubaliane kutumia ufunguo huo dhaifu, ilhali pande zote mbili zilikuwa na imara zaidi. Kwa hiyo lebo ya algoriti nayo lazima ilindwe isibadilishwe njiani, na orodha ya zinazoruhusiwa iwe fupi.

Anayenunua mfumo anaweza kulipima hili kabla ya kutia sahihi mkataba. Amwombe muuzaji abadilishe algoriti moja kwenye mfumo wa majaribio, mafaili ya zamani yakiendelea kusomeka, kisha aondoe kabisa ile ya zamani. Anayejibu kwamba itabidi kuandika programu upya, mfumo wake una `sha1[20]` yake mahali fulani.