Mshumaa Unaonukia Ukiwa Umezimwa

Glasi ilikuwa na kipenyo cha sentimita 7.5, na ndani yake gramu 200 za nta ya soya na gramu 16 za mafuta ya manukato: karafuu na chungwa. Nilipofunua kifuniko, sebule ilinukia. Nikauwasha mshumaa. Saa tatu baadaye ilinibidi niinamie glasi ndipo niisikie karafuu, tena kwa mbali.

Wengi wanaotengeneza mishumaa nyumbani hufika hapa wakaamua kwamba manukato hayakutosha. Nami niliyaongeza. Gramu 16 kwa 200 ni asilimia 8; nikapanda hadi gramu 24, yaani asilimia 12, ilhali nta nyingi za soya hubeba asilimia 6 hadi 10. Kesho yake uso wa mshumaa ulikuwa na vitone vya mafuta mithili ya jasho. Nilipouwasha, mwali ulikuwa mdogo kuliko wa kwanza, na harufu ilizidi kufifia.

Sababu ni kwamba harufu haitoki motoni. Utambi hufyonza nta iliyoyeyuka, joto huigeuza mvuke, na mvuke huo ndio unaowaka. Zima mshumaa, kisha sogeza kiberiti kwenye ule moshi mweupe unaopanda, sentimita moja hivi juu ya utambi: moto utashuka wenyewe hadi utambini. Manukato yanayopanda utambini pamoja na nta huungua nayo. Kinachonukia chumbani hupaa kutoka kwenye dimbwi la nta iliyoyeyuka kuzunguka utambi. Anayefukiza udi analijua jambo hili: kaa likiwa jekundu mno, udi unaungua na nyumba inajaa moshi, likifunikwa na majivu kidogo, udi unapata joto la kadiri na harufu inatoka yenyewe.

Basi nikachukua rula nikapima dimbwi la ule mshumaa wa kwanza. Lilikuwa na upana wa sentimita 4 tu, katikati ya glasi ya sentimita 7.5. Ukipiga hesabu ya eneo, hiyo haifiki hata theluthi moja ya uso wote. Kando kando nta ilibaki imeganda, na manukato yake yamefungiwa humo. Utambi ulikuwa mwembamba, kwa hiyo moto wake haukuweza kuyeyusha nta hadi ukingoni. Kuongeza mafuta kuliudhoofisha zaidi, kwa kuwa manukato yakizidi huuziba utambi, mwali hunywea na dimbwi nalo husinyaa.

Nilirudi kwenye gramu 16 nikabadilisha utambi peke yake, nikipanda saizi moja moja. Wa kwanza ulileta dimbwi la sentimita 6. Wa pili, baada ya saa tatu, uliyeyusha nta hadi kwenye glasi, kina chake kama sentimita moja, na hicho ndicho kipimo ninachokitafuta mpaka leo. Wa tatu ulipita kiasi: ncha yake iliota kichwa cheusi kama uyoga, mwali ukarukaruka, masizi yakashika glasi, na kina cha dimbwi kikakaribia sentimita 2. Harufu ilikuwa kali saa ya kwanza, kisha chungwa likatoweka ikabaki karafuu. Limonini, kiini cha harufu ya chungwa, huchemka kwenye nyuzijoto 176, na yujenoli ya karafuu kwenye 254. Nta haifikii joto hilo, lakini kadiri dimbwi linavyozidi kupata moto, ndivyo kile chepesi kinavyotangulia kupaa na kwisha.

Aina ya nta nayo ina neno. Utambi uliofaa kwenye parafini mara nyingi hushindwa kwenye soya, kwa kuwa soya iliyoyeyuka ni nzito zaidi na hupanda kwa shida. Nta ya nyuki, inayoyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64, hudai utambi mnene zaidi. Parafini pia huachilia manukato kwa wepesi. Soya inataka subira: mimi huuacha mshumaa umefunikwa wiki mbili kabla ya kuujaribu, kwa sababu ule wa siku ya pili hunidanganya.

Kila nikijaribu, nakata utambi ubaki milimita 5, nauzima mshumaa kabla ya saa nne kupita, na simwamini aliyekaa nao chumbani. Pua huzoea harufu kwa dakika chache tu, ikaacha kuitambua. Natoka nje robo saa, narudi, na pumzi ya kwanza mlangoni ndiyo ninayoiandika daftarini. Ule utambi wa pili sikuuthibitisha mimi: mpangaji mwenzangu, akipita koridoni na ndoo ya maji, aliuliza ni nani anapika pilau.