Uvimbe Chini ya Chuchu: Hesabu ya Mwanaume Anayechelewa

Kwa mwaka 2024 Shirika la Saratani la Marekani lilikadiria kwamba wanawake 310,720 wangegundulika kuwa na saratani ya matiti iliyokwisha kupenya kwenye nyama jirani, na 42,250 wangefariki kwa ugonjwa huo. Kwa wanaume makadirio yalikuwa wagonjwa wapya 2,790 na vifo 530. Ukiweka vifo juu ya wagonjwa wapya, kwa wanawake unapata kama 14 kwa kila 100, na kwa wanaume 19. Hesabu hii ni ya juu juu, maana wanaofariki mwaka huu si walewale waliogundulika mwaka huu, na wanaume hao kwa kawaida huwa na umri mkubwa zaidi. Hata hivyo inauliza swali zito: kwa nini ugonjwa uleule, wenye dawa zilezile, uwaue wanaume kwa kiwango kikubwa zaidi?

Mwaka 2019 watafiti walipitia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya milioni 1.8 wa Marekani, wakiwamo wanaume 16,025. Baada ya miaka mitano, wanawake 86 kati ya 100 walikuwa hai. Wanaume walikuwa 78. Karibu theluthi mbili ya tofauti ya vifo ilielezwa na mambo mawili: hali ya ugonjwa ulipogundulika, na matibabu pungufu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya pengo hilo inatokana na muda uliopotea na tiba ambayo haikukamilishwa.

Ripoti za miongo iliyopita zilionyesha kwamba mwanaume alikaa na uvimbe wake kama mwaka mmoja na nusu kabla ya kujulikana ni nini. Za karibuni zinazungumzia miezi kama sita. Miezi hiyo ina sehemu mbili, na ya kwanza ni ya mgonjwa mwenyewe. Anagusa kitu kigumu chini ya chuchu akioga. Hakiumi, hakimzuii kufanya kazi, na maisha yake yote matangazo ya saratani ya matiti yamemwonyesha wanawake. Anadhani aligongwa mahali, au ni jipu linaloiva polepole. Akishaanza kushuku, aibu inamshika: atasemaje kwamba ana ugonjwa wa titi, na kliniki yenyewe imejaa akina mama?

Sehemu ya pili ni yetu sisi wa upande wa tiba, nayo naiona nzito zaidi. Mganga wa zahanati anaweza kustaafu bila kumwona mgonjwa wa aina hii hata mmoja, lakini kila mwaka anawaona wanaume wengi waliovimba matiti kwa sababu nyingine: vijana waliobalehe, wazee, wenye ini lililoharibika, wanaotumia spironolaktoni, na miaka ile efavirenzi ilipokuwa ikitumika sana, watu wanaoishi na VVU. Kwa uzoefu huo anatoa antibayotiki, kisha nyingine, kisha anasema tusubiri. Uchache wa ugonjwa ndio unaoufanya upitwe.

Kuzitofautisha hali hizi kwa vidole kunawezekana mara nyingi. Titi lililokua kwa homoni huwa na bamba laini linalonepa, limekaa katikati kabisa chini ya chuchu, mara nyingi pande zote mbili, na likibonyezwa huuma. Uvimbe wa saratani ni mgumu, uko upande mmoja, mara nyingi umekaa pembeni kidogo ya katikati, na kwa kawaida hauna maumivu. Kutouma kwake ndiko kunakomdanganya mtu. Chuchu ikiwa imevutwa ndani, ikitoa damu, ikiwa na kidonda kisichopona, au kukiwa na tezi ngumu kwapani, haifai kusubiri hata wiki mbili za dawa.

Kwa nini miezi sita iwe ghali hivyo? Jibu liko katika unene wa titi la mwanaume. Chukua kinundu chenye upana wa sentimita 1, kama punje ya hindi. Kikifika sentimita 2, ujazo wake umeongezeka mara nane. Katika titi la mwanamke chenye sentimita 2 bado kinaweza kuwa mbali na ngozi. Kwa mwanaume nyama ni chache, hivyo muda si mrefu kinagusa ngozi mbele na msuli wa kifua nyuma. Kanuni za kupanga hatua za saratani zinasema uvimbe uliotoboa ngozi kwa kidonda uwekwe daraja la T4 bila kujali ukubwa wake, na hapo mgonjwa yuko angalau hatua ya tatu. Ndiyo maana mwanaume mwenye kinundu cha sentimita 1.5 anaweza kuambiwa ugonjwa umesogea sana, na ndugu zake wasielewe mbona ni kadogo.

Sasa tupige hesabu ya gharama, lakini kwa siku na safari, kwa kuwa bei hutofautiana na bima pia. Tuseme mkulima wa Songea, miaka 65, anatibiwa Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka kwake.

Akija mapema, kinundu kidogo na kwapa safi, kuna uwezekano mkubwa kwamba tiba kuu itakuwa upasuaji mmoja wa kuondoa titi na kupima tezi za kwapani. Baadaye atameza tamoksifeni miligramu 20 kila siku kwa miaka mitano, yaani vidonge 1,825 pamoja na vichache vya miaka mirefu. Zaidi ya tisa kati ya kumi ya saratani hizi kwa wanaume hulishwa na estrojeni, hivyo kidonge hicho kinafanya kazi kubwa. Anakimeza akiwa nyumbani.

Akija baada ya mwaka na nusu, akiwa na kidonda na tezi, mpango wa kawaida huanza na tibakemia. Mizunguko minane kila baada ya wiki tatu ni miezi mitano na nusu. Kisha upasuaji. Kisha mionzi, siku tano kwa wiki, vipindi 15 hadi 25. Ukijumlisha, siku za tiba peke yake zinafika 34 dhidi ya moja, kabla hujahesabu vipimo vya damu kabla ya kila mzunguko, nauli, malazi ya mwezi mzima wa mionzi, na ndugu anayemsindikiza na kuacha shamba lake. Vidonge 1,825 vinabaki palepale. Na ugonjwa ukiwa umefika kwenye mifupa au mapafu, takwimu za Marekani zinaonyesha ni karibu mgonjwa mmoja kati ya watano anayefikisha miaka mitano. Ukikutwa ungali ndani ya titi, ni karibu 95 kati ya 100.

Kinachotenganisha safari hizi mbili ni kipimo kidogo. Daktari anapima kwa vidole, anaagiza ultrasaundi au mamografia, ambayo kwa mwanaume inawezekana kabisa, kisha anatoa kinyama kwa sindano nene chini ya ganzi. Kinyama hicho kipimwe pia vipokezi vya homoni, na mgonjwa aombe kuviona kwenye ripoti. Nimeona ripoti zilizoandikwa neno "saratani" tu, na mtu akapelekwa kwenye tibakemia wakati kidonge kingemfaa, kwa kuwa hakuna aliyelipia kipimo cha vipokezi.

Mfano mzuri wa aliyewahi ni Mathew Knowles, baba yake mwanamuziki Beyoncé. Mwaka 2019 aliona tone la damu kwenye shati lake, akabadilisha shati, na siku iliyofuata akaona tena. Mkewe naye aliona damu kwenye shuka. Miaka ya 1980 aliwahi kuuza mashine za kupiga picha matiti, na upande wa mama yake kulikuwa na waliokufa kwa ugonjwa huu, hivyo hakuliona jambo hilo kuwa la wanawake tu. Alikwenda kupimwa, akakutwa hatua ya kwanza, akafanyiwa upasuaji. Vipimo vya damu vikaonyesha kasoro katika jeni la BRCA2.

Kasoro hiyo humpa mwanaume uwezekano wa kati ya asilimia 6 na 8 wa kupata saratani ya matiti maishani, wakati kwa mwanaume wa kawaida ni kama mmoja kati ya 700. Kila mtoto wake, wa kiume au wa kike, ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi. Binti akiirithi, uwezekano wake wa kupata saratani ya matiti kufikia miaka 80 unakaribia asilimia 70. Kwa hiyo mwanaume yeyote aliyethibitika kuwa na saratani ya matiti anastahili kupimwa jeni hilo pale kipimo kinapopatikana, na majibu yake yawafikie binti zake, dada zake na shangazi zake wakiwa bado hawana uvimbe wowote.