Agizo la Bei ya Ukomo Lisilotimia

Mwekezaji wa Kiwira anayenunua hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam humpa dalali wake agizo. Agizo la bei ya soko hutekelezwa kwa bei iliyopo. Agizo la bei ya ukomo husubiri bei uliyoitaja, na huenda lisitimie.

Tuseme ukomo wako ni shilingi 500. Unapojaribu mkakati kwa bei za zamani, usihesabu kuwa umenunua kwa sababu tu bei iligusa 500, kwani waliotangulia kwenye foleni huhudumiwa kwanza. Hesabu pale tu hisa zilipouzwa chini ya 500. Zilizogusa 500 kisha zikapanda ndizo ungezikosa. Ukizijumlisha, faida itabaki ya karatasini.