Alama 77 na bado hujafaulu? Elewa B1, B2 na C1

Mpwa wangu ni muuguzi, anakaa Kitengela, kaunti ya Kajiado. Juzi alinipigia simu akiwa mnyonge. "Mjomba, nimepiga hesabu ya mtihani wangu wa Kijerumani wa B1, wastani ni 77. Mbona naambiwa sijafaulu?"

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya ajira Septemba 2024, herufi hizi zimeingia midomoni mwa vijana wengi, huko bara na huku kwetu Pwani. Basi tuzieleze.

Ngazi ni sita: A1 na A2 ni za msingi, B1 na B2 za kati, C1 na C2 za juu. Kila ngazi inaeleza kazi ambayo mtu anaweza kuifanya kwa lugha. Mwenye B1 anajimudu katika mambo ya kila siku: safari, kazi, kusimulia yaliyomkuta. Mwenye B2 anafuata hoja nzito, anatetea msimamo wake, na anazungumza na mwenyeji bila upande wowote kutaabika. Mwenye C1 anashika hata maana iliyofichwa ndani ya maneno.

Sasa alama. Mtihani wa B1 wa Goethe-Institut una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Kila sehemu ina alama 100, na kila moja inataka angalau 60 peke yake. Mpwa wangu alipata 86, 84, 81, na kuandika 57. Wastani haumwokoi. Afueni ni kwamba zile tatu amezipita na vyeti vyake anavyo. Atarudia kuandika tu.

Akaniuliza tena: "Na hiyo 86 ya kusoma, si karibu B2?" La. Ile 86 inasema ameimudu B1 vizuri, basi. Katika kuandika, B1 inataka barua fupi na maoni ya maneno kama 80; B2 inataka hoja ya maneno kama 150, pamoja na ujumbe rasmi wa maneno 100. Huo ni mtihani mwingine kabisa. Na muuguzi anayetaka cheti chake kitambuliwe Ujerumani, kwa kawaida huulizwa B2.

Mtihani wa Kiingereza wa IELTS ni tofauti: wote hufanya mtihani mmoja, na alama ndiyo inayotaja ngazi. 4 hadi 5 ni B1, 5.5 hadi 6.5 ni B2, 7 hadi 8 ni C1. Hapa wastani unahesabiwa, lakini waajiri na vyuo vingi huweka pia kiwango cha chini kwa kila sehemu.

Kwa hivyo ukiletewa karatasi ya matokeo, anza na alama iliyo ndogo kuliko zote. Hiyo ndiyo inayoamua.